Bonyeza Moja, Bonyeza Mbili: Kosa ni la Anayesikiliza au la Aliyeandika?

Kila ofisi inayofunga mashine ya kupokea simu huishia kwenye ubishi uleule. Wenye ofisi husema wapigaji hawasikilizi: wanabonyeza ovyo, wanakimbilia sifuri, wanakata simu kabla maelezo hayajaisha. Wapigaji nao husema mashine inawazungusha: wanabonyeza kama walivyoambiwa, wanapelekwa kusiko, wanaanza upya huku vocha inakwenda. Fundi aliyefunga mfumo hujitoa mapema, kwa kuwa kila kitufe kinafanya kazi kama kilivyopangwa.

Wote watatu wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana ubishi hauishi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba tatizo kubwa haliko kwa mpigaji wala kwenye mtambo. Liko kwenye karatasi ya maneno yaliyosomwa siku ya kurekodi, ambayo mara nyingi ilitafsiriwa kutoka kwa Kiingereza na mtu aliyekuwa akiiangalia kwa macho. Ili tusizungumze hewani, tutatumia mfano mmoja wa kubuni: mamlaka ya maji ya mji wa kati nchini Tanzania, inayotaka mashine ipokee simu za wateja kabla ya mhudumu.

Chimbuko: sikio halirudi nyuma

Kubonyeza namba ili kuiongoza mashine kuliwezekana baada ya simu za vitufe kuanza kuuzwa Marekani mwaka 1963. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja. Kitufe cha moja, kwa mfano, hutoa mlio wa hezi 697 na wa hezi 1,209, na mashine ya upande wa pili huitambua jozi hiyo. Upande huo wa kazi ulitatuliwa zamani. Upande wa sikio ndio ambao kila mfumo mpya unautatua upya, au unashindwa.

Afrika Mashariki ina sababu ya ziada ya kutofautisha jicho na sikio. Watu wengi wamezoea menyu za kwenye skrini. Anayepiga *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania anaona orodha mbele yake, anaipitia juu na chini, anarudi kwenye mstari wa pili, kisha anajibu. Orodha ya sauti haimpi nafasi hiyo. Neno likishapita limepita, na akitaka kulisikia tena lazima asikilize na yale asiyoyahitaji. Ofisi inayochukua menyu yake ya skrini na kumpa mtu aisome kwa sauti imebadilisha njia bila kubadilisha maandishi.

Sauti ya simu yenyewe pia ni finyu. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 hivi, na mifumo mingi ya kupokea simu huhifadhi sauti kwa sampuli 8,000 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya mvumo wa herufi kama s na f iko juu ya kiwango hicho, kwa hiyo hupotea. Kwenye namba za Kiswahili, majirani wa kuangaliwa ni nne na nane. Zikisomwa haraka sokoni au kando ya barabara, tofauti yake ni irabu moja fupi. Tatu na tano nazo huanza sawa. Menyu inayoweka huduma mbili tofauti kwenye nne na nane inajitafutia malalamiko.

Mwisho, kuna mkono. Mwenye kitochi anaweza kubonyeza bila kuhangaika sana. Mwenye simu janja hutoa simu sikioni, hutafuta mahali pa kufungulia vitufe, hubonyeza, kisha huirudisha simu sikioni. Katika safari hiyo ya sekunde chache hasikii kitu vizuri. Sentensi lazima imruhusu aondoke na kurudi bila kupoteza alichokifuata.

Ubishi wa kwanza: namba itangulie au ifuate?

Waandishi wa menyu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja huandika "Bonyeza moja kwa huduma ya ankara." Jingine huandika "Kwa huduma ya ankara, bonyeza moja." Sarufi ya Kiswahili inaruhusu yote mawili, kwa hiyo sarufi haiamui.

Wanaotanguliza namba wana hoja mbili. Kwanza, amri inayokuja mwanzo humwambia mgeni wa mashine kwamba anatakiwa kutenda jambo. Pili, ndivyo orodha za skrini zilivyo, namba kushoto na maelezo kulia, na watu wamezizoea.

Udhaifu wake unaonekana ukifuata anachofanya mpigaji. Anasikia "bonyeza moja" kabla hajajua moja ni nini. Lazima aishike namba hiyo, asikilize maelezo, aone kama yanamhusu, na yasipomhusu aitupe na kushika nyingine. Kwenye machaguo matano amebeba namba tano, na nne kati yake hazikuwa na kazi. Likija lile analolitaka, namba yake imeshapita, na kinachosikika sasa ni "bonyeza" ya chaguo linalofuata. Hapo ndipo mtu wa bili hubonyeza namba ya jirani yake na kuangukia kwa mafundi.

Namba ikifuata, mpigaji husikiliza shida kwanza. Isipomhusu, namba inapita bila kumgusa. Ikimhusu, neno linalofuata ndilo analolihitaji, na baada yake kuna kituo kinachompa nafasi ya kushusha simu na kubonyeza. Gharama yake ni ndogo: mgeni kabisa husubiri sentensi ya kwanza iishe ndipo ajue kwamba kuna kubonyeza. Kwa mizani hii, namba kufuata ndiyo njia bora, na hasara yake huisha baada ya sentensi moja.

Ndani ya ubishi huu kuna mwingine usiosemwa sana, nao ni wa neno "kwa". Sentensi inayoanza na "kwa" huvuta jina la kitu: kwa huduma, kwa idara, kwa kitengo. Mwandishi hujikuta anasoma mgawanyo wa ofisi badala ya shida ya mpigaji. Sentensi inayoanza na "kama" humlazimisha aandike hali: kama maji hayatoki, kama bili imekuja kubwa. "Kama" huongeza silabi chache, lakini mpigaji hahitaji kujua kwamba bili kubwa inashughulikiwa na Idara ya Biashara. Pale ambapo shida ina jina ambalo kila mtu analitumia, kama bili au malipo, "kuhusu bili" inatosha. Pale ambapo jina ni la ofisini tu, "kama" ndiyo inayookoa.

Ubishi wa pili: menyu fupi yenye ngazi, au ndefu ya ngazi moja?

Hapa hoja hutanguliwa na namba maarufu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alichapisha makala kuhusu saba, kuongeza au kupunguza mbili, kama mpaka wa mambo ambayo mtu huyashika akilini kwa muda mfupi. Tangu hapo wengine wamesema menyu isizidi machaguo saba, na wengine, kwa tahadhari, manne au matano. Atakayehitaji zaidi ashushwe ngazi ya pili, na ya tatu.

Hoja hiyo ina nguvu pale inapozuia ofisi kumwaga kila kitengo kwenye orodha moja. Lakini imebeba kosa. Mpigaji haombwi kukariri orodha na kuirudia. Analinganisha kila chaguo na shida aliyonayo, na lisipofanana analiacha. Anachoshika ni kimoja tu: lile lililoelekea kufanana kuliko mengine. Mwaka 2008 Patrick Commarford na wenzake walichapisha katika jarida la Human Factors utafiti uliolinganisha menyu za sauti pana na zile za ngazi nyingi. Menyu pana ndizo zilizowasaidia watumiaji kufanya kazi vizuri zaidi, hasa wale wenye uwezo mdogo wa kushika mambo akilini, yaani walewale ambao ngazi zilidhaniwa kuwasaidia.

Sababu yake si ngumu kuiona. Kila ngazi humtaka mpigaji akisie. Akisikia "huduma za wateja" na "huduma za kiufundi", lazima abahatishe mita iliyoharibika iko wapi. Akikosea hagundui hapo, anagundua ngazi moja chini, na sasa lazima ajue namna ya kurudi. Ngazi hupunguza muda wa kusikiliza na kuongeza hatari ya kupotea.

Hata hivyo menyu pana ina bei, na bei hiyo ni muda. Muda unaweza kupimwa hata kabla ya kurekodi. Msomaji mtulivu wa Kiswahili hutoa silabi kama 5 kwa sekunde. Tuchukue rasimu ya kwanza ya mamlaka yetu ya kubuni:

"Karibu katika Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira. Tafadhali sikiliza kwa makini, kwani machaguo yetu yamebadilika. Bonyeza moja kwa Idara ya Biashara. Bonyeza mbili kwa Idara ya Ufundi. Bonyeza tatu kwa Kitengo cha Uhusiano…"

Inaendelea hivyo hadi tisa. Sentensi mbili za mwanzo zina silabi 50, yaani sekunde 10 ambazo ndani yake hakuna kitu cha kuchagua. Machaguo 9 ya sekunde 3 na nusu kila moja huongeza zaidi ya nusu dakika. Mpigaji anasikiliza sekunde 40 na kitu, kisha huenda akalazimika kurudia.

Sasa chukua rasimu iliyoandikwa kutokana na maneno ambayo wateja huyasema wanapofika dirishani:

"Mamlaka ya Maji, karibu. Kama maji hayatoki au bomba limepasuka, bonyeza moja. Kuhusu bili au malipo, bonyeza mbili. Kuunganishiwa maji, bonyeza tatu. Kuongea na mhudumu, bonyeza sifuri."

Hesabu silabi, zinafika 75, yaani sekunde 15. Ongeza vituo vya nusu sekunde baada ya kila namba, unapata 17. Huduma hazikupungua; zilizopungua ni zile tofauti ambazo zina maana kwa ofisi tu. Anayetaka namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, na anayelalamikia bili wote wanaingia mbili, na hapo ngazi moja fupi ya pili inatosha. Chaguo la kwanza ni lile lisiloweza kusubiri, kwa sababu mwenye bomba lililopasuka hana muda wa kusikiliza habari za kuunganishiwa.

Kwa hiyo swali la machaguo mangapi limeulizwa vibaya. Swali lenye jibu ni hili: je, mpigaji akisikia chaguo lake atajua palepale kwamba ni lake? Kama ndiyo, machaguo saba hayatamwumiza. Kama hapana, hata matatu yatampoteza. Ngazi ya pili ina nafasi pale tu ambapo ya kwanza haiachi shaka.

Ubishi wa tatu: sentensi nzima, au vipande vya kuunganisha?

Baada ya menyu huja majibu. Mteja akitaka kujua deni lake, mashine lazima itamke kiasi ambacho hakuna aliyekirekodi kikiwa kizima. Njia iliyozoeleka ni kurekodi vipande na kuviunganisha wakati wa kusoma. Wengine huikwepa kwa kurekodi sentensi nzima na kutuma kiasi kwa ujumbe mfupi. Uamuzi huu hufanywa haraka, na ndipo Kiswahili kinapoumizwa zaidi, kwa kuwa kanuni za kuunganisha huchukuliwa kutoka kwa lugha nyingine.

Tuanze na faida, maana Kiswahili kina faida. Hakihitaji faili za pekee za kumi na moja hadi kumi na tisa, zote zinaundwa. Vipande vya msingi ni 24: moja hadi tisa, makumi tisa kuanzia kumi hadi tisini, halafu sifuri, na, mia, elfu, laki na milioni.

Tatizo la kwanza ni kiimbo. Mtu akitamka "saba" mwisho wa sentensi sauti hushuka. Akiitamka katikati, hubaki juu. Ukirekodi saba moja yenye mshuko na kuitumia kila mahali, "elfu arobaini na saba, mia mbili na hamsini" itasikika kama imeishia kwenye saba. Mteja ataandika 47,000 na kushangaa mashine bado inaongea. Dawa ni kurekodi kila kipande kinachoweza kufika mwisho mara mbili, kwa sauti ya katikati na kwa sauti ya mwisho. Kwa Kiswahili mia, elfu, laki na milioni hutangulia namba zao, kwa hiyo haziishii sentensi, na "na" vilevile. Vinavyobaki ni vipande 19. Mara mbili ni 38, ukiongeza 5 vya katikati unapata faili 43. Hiyo ni kazi ya saa chache studio, si sababu ya kukata tamaa.

Tatizo la pili ni zito zaidi, maana liko kwenye lugha yenyewe. "Elfu arobaini na saba" inaweza kuwa 47,000 au 40,007. "Elfu mia mbili na arobaini" inaweza kuwa 240,000 au 200,040. Uso kwa uso hatupotei: muktadha, kituo na macho ya muuzaji hutuongoza. Mashine haina hayo. Wapo wanaosema igeuzwe kuwa "arobaini na saba elfu", ambayo haina utata. Ni kweli haina, lakini kwa masikio mengi ya Tanzania inasikika kama mtu anayehesabu kigeni. Njia ya kati ni kutumia laki pale ilipo na kutamka elfu waziwazi: "laki mbili na elfu arobaini". Mtaani mtu angesema "laki mbili na arobaini" na akaeleweka. Mashine isijaribu mkato huo, kwa kuwa mteja hawezi kuiuliza "arobaini elfu au arobaini tupu?" Kwa kiasi kilicho chini ya laki, kituo kifupi baada ya kundi la elfu hutenganisha: elfu arobaini na saba, kituo, mia mbili na hamsini. Kiasi kama 40,007 kisomwe "elfu arobaini, na shilingi saba", neno shilingi likifanya kazi ya ukuta.

Tatizo la tatu ni upatanisho wa kisarufi. Namba zilizorekodiwa kwa ajili ya shilingi ni mbili, tatu, nne. Mwezi unaofuata ofisi inaongeza tangazo la foleni, na fundi anatumia faili zilezile: "Kuna wateja mbili mbele yako." Hakuna mtoto wa shule asiyecheka. Watu huhitaji mmoja, wawili, watatu, wanne, watano na wanane, huku sita, saba, tisa na kumi zikibaki zilivyo. Ama urekodi seti ya pili, ama ubadili sentensi ili namba irudi kwenye ngeli uliyonayo: "Nafasi yako kwenye foleni ni namba tatu." Njia ya pili ni rahisi na inasikika vizuri, ila lazima aliyeandika awe ameliona jambo hilo kabla ya siku ya studio.

La nne ni saa. Karatasi ya Kiingereza ikisema ofisi hufunguliwa saa nane, mtafsiri mwenye haraka huandika "saa nane asubuhi", saa isiyokuwapo. Kwa Kiswahili ni saa mbili asubuhi. Na kwa kuwa wapo wapigaji wanaosoma saa kwa Kiingereza, neno asubuhi, mchana au jioni lisiachwe kamwe.

Ukipima, vipande vinashinda kwa kiasi cha pesa, kwa sababu hakiwezi kurekodiwa kikiwa kizima. Kila kisichobadilika kirekodiwe sentensi nzima. Vinavyobadilika mara chache, kama saa za kazi au ada ya kuunganishiwa, viwe faili za peke yake, ili ada ikipanda irekodiwe sentensi moja badala ya menyu yote. Na sauti iwe ya mtu yuleyule. Menyu inayoanza na sauti ya mwanamke mtulivu, ikaruka kwa kijana mwenye haraka na kurudi kwa mwanamke, humfanya mpigaji adhani amehamishwa.

Ubishi wa nne: adabu, mashine na mtu

Hoja ya kufupisha hukutana na pingamizi la haki. Kwetu mtu haanzi na shida, huanza na salamu. Mashine inayoanza na "bonyeza moja" inasikika kama askari wa getini. Kwa hiyo wapo wanaotetea salamu ndefu, shukrani, na tafadhali kabla ya kila amri.

Wanaopinga wanaangalia mfuko. Kama namba si ya bure, kila tafadhali inalipiwa na mpigaji. "Simu yako ni muhimu kwetu" inayorudiwa kila nusu dakika inaudhi zaidi kuliko kimya, kwa sababu inasema jambo ambalo foleni inalikanusha.

Mizani hapa si ngumu. Adabu ya Kiswahili haihitaji urefu, inahitaji mahali. "Karibu" moja mwanzoni inatosha. "Samahani" iwekwe pale mashine inaposhindwa kuelewa. "Tafadhali" isirudiwe kwenye kila chaguo, kwa sababu ikisemwa mara tano haisikiki tena. Na sentensi ya kwamba machaguo yamebadilika iondolewe: mpigaji wa mara ya kwanza hakuyajua ya zamani, na wa mara ya pili atagundua mwenyewe.

Adabu kubwa zaidi ni kumruhusu mtu akatize. Anayejua njia abonyeze bila kusubiri sentensi iishe. Kwenye Asterisk, programu inayoendesha mifumo mingi ya namna hii, tofauti hiyo ni ya neno moja: `Playback()` husoma faili hadi mwisho, `Background()` huacha kusoma mara kitufe kinapobonyezwa. Aliyetumia ya kwanza kwenye menyu amewafunga wote kwa mwendo wa mgeni.

Kisha kuna mhudumu. Ofisi nyingi huficha sifuri kwa hofu kwamba kila mtu ataikimbilia. Hofu hiyo si ya bure, wahudumu ni wachache. Lakini mtu asiyeiona njia ya kutoka hubonyeza chochote ili ampate mtu yeyote, na humfikia fundi wa bomba akiwa na swali la bili. Simu ileile imechukua watu wawili. Sifuri isemwe mwisho wa menyu, baada ya mtu kusikia kama shida yake ina njia, na isemwe waziwazi.

Kuna pia wanaosema menyu zife, mashine isikilize maneno. Matokeo hayajawa ya upande mmoja. Mwaka 2009 Neil Patel na wenzake walilinganisha kusema na kubonyeza miongoni mwa wakulima wa Gujarat, India, kwenye huduma ya simu ya kilimo, na wabonyezaji walimaliza kazi zao vizuri zaidi. Teknolojia imesogea tangu hapo, lakini kelele za stendi na lafudhi za watu wengi bado zipo, na kitufe hakina lafudhi.

Namna ya kujua mapema

Makosa haya yanaweza kuonekana kabla ya kulipia studio. Mtu mmoja achukue karatasi, ajifanye mashine, na ampigie simu mtu wa nje ya ofisi aliyepewa shida moja: maji hayajatoka siku mbili. Asome kilichoandikwa tu, asifafanue. Msikilizaji aseme angebonyeza nini. Wajaribu kumi wa namna hiyo huonyesha sentensi zinazoteleza, na kurekebisha karatasi hakugharimu kitu.

Baada ya kuwasha mfumo, kumbukumbu za simu ndizo zinazoongea. Wengi wakiomba kurudiwa mahali pamoja, sentensi ya hapo ina namba iliyotangulia au machaguo yanayofanana. Wakikaa kimya mpaka muda uishe, huenda hawakutambua shida yao kwenye orodha, au walikuwa bado wanatafuta vitufe. Sekunde 5 za kusubiri ni chache kwa mwenye simu janja. Wakiingia mahali na mhudumu akawahamisha, jina la chaguo hilo linadanganya. Wakikimbilia sifuri kabla chaguo la kwanza halijaisha, utangulizi ni mrefu, au waliumizwa na mfumo uliopita.

Na mashine ikikosa jibu, isisome menyu yote upya kwa maneno yaleyale. Mara ya kwanza iseme "Samahani, sijapata namba," kisha irudie machaguo kwa ufupi. Mara ya pili impeleke kwa mhudumu. Mara ya tatu haina kazi.

Kwa jumla

Ubishi tulioanza nao unagawanyika hivi. Kuhusu mpangilio wa sentensi, upande mmoja una haki karibu yote: shida itangulie, namba ifuate. Kuhusu idadi ya machaguo, wote wawili wanabishania kipimo kisicho sahihi. Kinachopima ni kama chaguo linatambulika mara moja. Kuhusu vipande na sentensi nzima, jibu linategemea kinachosemwa, na kwa pesa vipande vinashinda, ila vijengwe kwa hesabu ya Kiswahili. Kuhusu adabu na ufupi, mgongano ni mdogo kuliko unavyosemwa.

Wenye ofisi wako sahihi kwamba wapigaji hawasikilizi hadi mwisho. Hawakupaswa kuhitaji kusikiliza hadi mwisho. Na wapigaji wako sahihi kwamba wanazungushwa, ingawa hakuna aliyekusudia: karatasi iliandikwa kwa ajili ya jicho, ikasomewa sikio. Ofisi inayotaka kupunguza malalamiko haina haja ya kuanza na mtambo mpya. Ianze na karatasi ile: mtu apigiwe simu, asomewe mara moja tu, kisha aulizwe angebonyeza nini.